Rais Hutengenezwa Ndithini

Saa kumi na moja jioni ya siku ya uchaguzi, kituo cha kura hufungwa. Waliokwisha kuingia kwenye foleni hupiga kura zao, na yule wa mwisho akishatoka mlango hufungwa, taa huwashwa na meza husogezwa katikati ya darasa. Hapo ndipo kazi ninayoipenda huanza. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mawakala katika shule moja ya msingi ya wadi ya Ndithini, eneo bunge la Masinga. Msimamizi wetu wa kituo alikuwa mwalimu wa miaka mingi. Sijaona mtu akihesabu kitu chochote kwa subira kama ile.

Kura ya urais ndiyo huhesabiwa kwanza. Mwalimu alilionyesha sanduku la kifuniko cheupe kwa kila wakala ili tuzisome namba za lakiri na kuzilinganisha na tulizoandika asubuhi. Kisha akazikata lakiri na kuyamwaga yaliyomo mezani, akainua sanduku tupu tuchungulie ndani. Baada ya hapo akaanza kuzichukua karatasi moja moja. Alikunjua, akaitazama alama, akaigeuza tuione, akataja jina kwa sauti, akaiweka kwenye rundo la mgombea. Mia tatu na zaidi, kwa mwendo ule ule, bila kuharakisha hata alipokuwa na hakika kwamba ijayo ni ya yule yule.

"Mwalimu, tutalala hapa," wakala mmoja akamwambia.

"Tulale, mzee. Shule ina madawati."

Ukitaka kuijua tofauti kati ya jamhuri na ufalme wa kikatiba, nadhani hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko meza ile. Watu wengi hudhani tofauti iko kwenye nguvu, kwamba rais ana mamlaka na mfalme ni pambo. Si lazima iwe hivyo. Jirani yetu Ethiopia ni jamhuri, lakini rais wake hana serikali mkononi. Anayetawala ni waziri mkuu. Kinachozitenganisha namna hizi mbili ni jinsi mkuu wa nchi anavyopatikana. Katika ufalme wa kikatiba, kazi ya kumpata imefanywa zamani na kuandikwa katika sheria, hivi kwamba siku ikifika hakuna cha kuhesabu. Katika jamhuri kama yetu, kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka mitano, na hufanywa kwa vidole.

Septemba ya 2022 iliziweka kazi hizi mbili ubavu kwa ubavu. Tarehe 5, Mahakama ya Juu jijini Nairobi iliidhinisha ushindi wa William Ruto, uliotangazwa tarehe 15 Agosti na kupingwa. Tarehe 8, Malkia Elizabeth wa Pili alifariki Scotland. Tarehe 13, Ruto aliapishwa Kasarani. Katika siku hizo chache nchi mbili zilipata wakuu wapya. Kwetu palikuwa na wagombea wanne, vituo 46,229, fomu kwa maelfu, mawakili, majaji saba na mwezi mzima wa kusubiri. Kwao hapakuwa na hata dakika moja. Charles alikuwa mfalme papo hapo mama yake alipokata roho. Baraza lililokutana tarehe 10 lilimtangaza tu. Halikumchagua, na lisingeweza kumkataa.

Elizabeth mwenyewe aliupata umalkia akiwa hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Baba yake alifariki Uingereza akiwa usingizini. Binti akawa malkia bila yeye mwenyewe kujua, na habari zilimfikia saa kadhaa baadaye akiwa Sagana. Hivyo ndivyo utaratibu ule ulivyokusudiwa kufanya kazi: kiti hakikai wazi, hata kama anayekirithi hana habari.

Lakini usidhani damu peke yake ndiyo huamua. Hapo ndipo neno "kikatiba" linapokuja. Orodha ya warithi wa Uingereza iliandikwa na bunge. Sheria ya 1701 ilisema kiti kitashuka kwa uzao wa Sophia wa Hanover, na kwamba Mkatoliki hatakikalia. Kwa zaidi ya karne tatu mtoto wa kiume alimruka dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, hadi sheria ya 2013 ilipofuta hilo kwa wote waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Ndiyo sababu Charlotte, bintiye Mwanamfalme William aliyezaliwa 2015, anabaki mbele ya mdogo wake Louis aliyezaliwa 2018. Wabunge walipiga kura, na msichana mmoja akabaki mahali pake kwenye foleni. Na mwaka wa 1936, Edward wa Nane alipotaka kuondoka ili aoe mwanamke aliyempenda, hakuweza kuvua taji na kwenda zake; ilibidi bunge lipitishe sheria ndipo ndugu yake arithi.

Ufundi wa ufalme wa kikatiba, basi, uko katika kuandika orodha isiyoacha pengo wala utata. Nauheshimu. Ila ni ufundi ambao mtu wa Ndithini hana pa kuushika.

Vijana wengi hushangaa nikiwaambia kwamba Kenya yenyewe ilikuwa ufalme wa kikatiba. Ilikuwa hivyo kwa mwaka mmoja kamili. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Mwingereza ilishuka, lakini Elizabeth alibaki mkuu wa nchi, sasa akiwa Malkia wa Kenya. Kwa kuwa hakuishi hapa, aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald, ambaye hadi siku ile alikuwa gavana wa koloni. Miswada ya bunge letu ilihitaji idhini iliyotolewa kwa jina la Malkia, na MacDonald aliitoa kwa kufuata ushauri wa mawaziri. Aliyetawala ni Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta.

Mpigakura wa Machakos katika uchaguzi wa Mei 1963 alichagua nini, basi? Alichagua mbunge. Huku Ukambani mashindano yalikuwa makali, kwa maana Paul Ngei alikuwa ameihama KANU mwaka uliotangulia na kuanzisha chama chake cha APP. Wabunge waliopatikana ndio walioamua nani awe waziri mkuu. Ila kiti cha mkuu wa nchi hakikuguswa na karatasi hata moja kutoka nchi hii. APP ingeshinda au KANU ingeshinda, Malkia angekuwa yule yule. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua ufalme wa kikatiba: kura yako yaweza kuibadilisha serikali yote, na mkuu wa nchi akabaki palepale.

Kwa watu wa huku jambo lenyewe lilikuwa geni mara mbili. Wakamba hatukuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na wazee wa utui katika baraza lao, nzama, na machifu tuliwajua baadaye kama watu wa serikali ya kikoloni. Mkuu anayerithi kiti kutoka kwa baba yake, tena aliye ng'ambo, hakuwa na mfano katika mila zetu.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri. Nitasema jambo ambalo sherehe za Jamhuri Dei hazilitaji sana: rais wa kwanza hakupatikana kwa kura ya urais. Sheria iliyoigeuza katiba ilisema kwamba aliyekuwa waziri mkuu kabla ya siku hiyo ndiye atakayekuwa rais. Kenyatta alilala waziri mkuu akaamka rais, na ofisi mbili zilizokuwa zimetenganishwa, ya mkuu wa nchi na ya mkuu wa serikali, zikaunganishwa mkononi mwa mtu mmoja. MacDonald naye hakufunga safari. Alibaki Nairobi akiwa balozi wa Uingereza.

Kuwa jamhuri, kumbe, hakumaanishi moja kwa moja kwamba mwananchi atamchagua rais. Tanganyika, iliyopata jamhuri yake tarehe 9 Desemba 1962, ilifanya vingine. Mwezi mmoja kabla, wananchi walipiga kura kati ya Julius Nyerere na Zuberi Mtemvu. Sisi tuliingia bila hatua hiyo. Mwaka wa 1969 na 1974 Kenyatta hakuwa na mpinzani. Daniel arap Moi naye alipita bila kupingwa 1979, 1983 na 1988. Ni tarehe 29 Desemba 1992, miaka 28 baada ya jamhuri, ndipo Mkenya alipopewa kwa mara ya kwanza karatasi yenye wagombea urais zaidi ya mmoja na kuambiwa achague. Kwa miaka hiyo yote tulikuwa na jamhuri bila ufundi wake. Meza ilikuwapo, kazi ya kuifanya juu yake haikuwapo.

Sasa turudi mezani, kwa maana huko ndiko kwenye utamu.

Watu hudhani kazi ngumu ya msimamizi wa kituo ni kuhesabu. Kuhesabu ni nusu tu. Nusu nyingine ni kuhukumu, na yule mwalimu alihukumu kama mama anayechagua mawe kwenye ndengu, akijua kwamba akitupa punje nzuri amepoteza chakula, na akiacha jiwe mtu atavunjika jino. Sheria inasema karatasi isiyo na alama rasmi za tume haihesabiwi. Iliyowekwa alama kwa wagombea wawili haihesabiwi. Isiyo na alama yoyote, au ambayo huwezi kujua mtu alitaka nini, haihesabiwi. Na iliyoandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha mpigakura, kama jina au namba ya kitambulisho, haihesabiwi, maana kura ni ya siri, na aliyejitaja huenda amelipwa ajitaje.

Kisha inakuja ile sehemu ya kupima. Alama iliyo nje kidogo ya kisanduku, au vema badala ya mkasi, haiifanyi karatasi kuwa batili ikiwa nia ya mpigakura inaonekana wazi. Mwalimu alipofika kwenye karatasi ya namna hiyo alisimama. Moja ilikuwa na alama nzito kwa mgombea mmoja na kivuli chepesi cha wino kwa mwingine. Wakala wa upande mmoja akasema hiyo ni ya wawili, itupwe. Mwalimu hakubishana naye. Aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya awali, polepole, mbele ya macho yetu. Kivuli kikaangukia sawasawa juu ya alama nzito. Wino haukuwa umekauka karatasi ilipokunjwa, ukajinakili upande wa pili. Akaikunjua, akataja jina, akaiweka kwenye rundo lake. Wakala yule alinyamaza, na sioni angesema nini.

Palipokuwa na ubishi ambao hakuweza kuumaliza namna hiyo, aliamua, akaandika kwamba uamuzi umepingwa, akaiweka karatasi kando. Hakuficha ubishi. Mahakama ikiitaka kesho, itaikuta.

Baada ya marundo, hesabu lazima ifunge, na hapa ndipo makosa hujitokeza yenyewe. Tuchukue kituo cha mfano. Tuseme asubuhi kilipokea karatasi 550 za urais. Jioni, ambazo hazikutumika ni 206, kwa hiyo zilizotolewa ni 344. Wapigakura watatu waliziharibu zao kwa bahati mbaya, wakazirudisha na kupewa nyingine, kwa hiyo zinazotakiwa kuwa ndani ya sanduku ni 341. Kifaa cha kielektroniki kilichowatambua wapigakura kwa alama za vidole nacho kinasema 341. Lakini mezani pana 340. Karani mvivu atasema moja ni nini. Fundi hatasema hivyo. Atayarudia marundo, akisugua kila karatasi kwa kidole gumba, hadi azipate mbili mpya zilizogandana ndani ya rundo. Sasa ni 341. Wagombea wanne wamepata 190, 141, 3 na 2, jumla 336 halali; zilizokataliwa ni 5; na 336 ukiongeza 5 ni 341. Hapo tu ndipo kalamu inagusa fomu. Kama mezani pangekuwa na karatasi nyingi kuliko zilizotolewa, hilo lisingekuwa kosa la kuhesabu tena. Lingekuwa jambo la polisi.

Unaweza kuuliza kwa nini kuhangaika hivyo kwa kura moja. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosa, kura hurudiwa kati ya wawili wa mbele ndani ya siku thelathini. Mwaka wa 2022 Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, ambazo ni asilimia 50.49. Raila Odinga alikuwa na 6,942,930. Nusu ya kura halali ilikuwa takriban 7,106,500, kwa hiyo Ruto aliuvuka mstari kwa kura zipatazo 69,600. Zigawanye kwa vituo 46,229. Utapata kura moja na nusu kwa kila kituo.

Moja na nusu! Karatasi mbili zikiwekwa kwenye rundo lisilo lake katika kila darasa la nchi hii zinatosha kuamua kama tumepata rais au tunarudi kwenye foleni. Na Mahakama ya Juu iliamua tangu 2013 kwamba kura iliyokataliwa haiingii katika hesabu ya asilimia, kwa hiyo ile hukumu ya kivuli cha wino inagusa kura za mgombea na pia jumla ambayo kura hizo hugawanywa kwayo.

Fomu yenyewe inaitwa 34A. Huandikwa idadi ya waliosajiliwa kituoni, kura halali, zilizokataliwa, zilizopingwa, na kura za kila mgombea. Mawakala hutia sahihi. Wakala akikataa, huandikwa sababu yake, na kukataa kwake hakubatilishi matokeo. Mwalimu wetu aliyaandika matokeo kwanza kwenye daftari lake, akatusomea, akasubiri kila mmoja aitikie, ndipo akayahamishia kwenye fomu, kwa tarakimu na kwa mwandiko ule wa ubaoni usioweza kufanya 1 isomeke 7. Kisha fomu hupigwa picha na kutumwa, nakala hupewa mawakala, moja hubandikwa mlangoni, na yenyewe halisi hupelekwa kituo cha kujumlishia cha Masinga. Kutoka hapo huendelea hadi Nairobi kwa mwenyekiti wa tume, ambaye ndiye pekee anayeruhusiwa kumtangaza rais.

Mahali panapovunjika mara nyingi si mezani bali njiani. Juni 2017 Mahakama ya Rufani ilisema matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na kwamba Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Mwezi mmoja na nusu baadaye uchaguzi ulifanyika, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Shida kubwa waliyoiona ilikuwa katika namna matokeo yalivyosafirishwa na kuthibitishwa. Mwaka wa 2022 tume iliweka picha za fomu za 34A mahali ambapo yeyote mwenye simu angeweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, lakini fomu zilikuwa hadharani, na majaji walipoambiwa zimebadilishwa waliagiza zilinganishwe na zile halisi. Zilizoandikwa vizuri mashinani ndizo zilizosimama.

Ufalme wa kikatiba hauna usumbufu huu, na sitajifanya kwamba hilo si faida. Hakuna mwezi wa wasiwasi, hakuna maduka kufungwa, hakuna mtu kuogopa kulala kwake. Gharama yake ni kwamba mkuu akiwa hafai, huna siku ya kumngoja kwenye foleni. Ndiyo maana wanaoutumia humwachia kazi za heshima na kuweka mamlaka kwa waziri mkuu, anayeweza kuondolewa. Sisi tuliunganisha heshima na mamlaka mwaka wa 1964, tukampa mtu mmoja vyote, na kwa hiyo njia ya kumpata mtu huyo haiwezi kufanywa kwa mkono mzembe.

Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10 Agosti 2027. Wewe uliye Ndithini, Kivaa, Ekalakala au kwingineko, ukishapiga kura nenda nyumbani ukapumzike. Asubuhi rudi kituoni na kalamu, ukainakili Fomu 34A iliyobandikwa mlangoni, kisha ulinganishe tarakimu zako na picha iliyotumwa Nairobi. Zikitofautiana, una siku saba tangu rais atangazwe kabla ya mlango wa Mahakama ya Juu kufungwa.